Unapoomba msaada na huwezi kusema

Ndugu zangu, leo nitazungumzia hali moja tu. Upo ndani, hatari ipo mlango wa pili, na sauti yako ikisikika tu umekwisha. Simu ipo mkononi. Unamwambia nini mtu wa kituo cha dharura?

Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la kupokea simu hizo. Ujumbe wa kwanza tunaoupata mara nyingi husema "Nisaidieni", basi. Tunauliza "Uko wapi?" na tunasubiri. Wakati mwingine jibu haliji, kwa sababu mtu ameshanyang'anywa simu. Ndiyo maana nasema mahali ulipo pawe maneno ya kwanza kabisa, kabla ya jina lako na kabla ya kueleza nani amefanya nini. Tukipata mahali peke yake, tunaweza kutuma gari. Tukipata kisa kizima bila mahali, tutabaki tunakodoa macho kwenye skrini.

Watu huniambia, "Lakini si mnaona simu iko wapi?" Pengine tunaona, pengine hatuoni. Simu nyingi za kisasa zikipiga namba ya dharura hujaribu kututumia mahali zilipo, ila inategemea nchi, mtandao na simu yenyewe. Kwa ujumbe wa maandishi hali ni dhaifu zaidi. Tunachopata kinaweza kuwa mnara uliobeba ujumbe, na mnara mmoja huhudumia eneo kubwa lenye nyumba tele. Hata alama ikianguka juu ya jengo lako sawasawa, mara nyingi haituambii uko ghorofa gani wala nyuma ya mlango upi.

Tuchukue mfano. Mama amejifungia bafuni na mtoto wake. Mwanamume anavunja mlango wa nyumba, ana kisu. Mama anaandika hivi:

"Nyumba 14 Mtaa wa Shule, ghorofa 3, mlango wa kijani. Mtu ana kisu, anavunja mlango. Niko bafuni na mtoto. Siwezi kuongea. Msipige, andikeni hapa."

Nimehesabu, ni herufi 146 pamoja na nafasi. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu unabeba 160. Ukizidi hapo hukatwa vipande, na kipande kimoja kinaweza kuchelewa. Ukitia kile kikatuni cha uso unaolia, nafasi inashuka hadi herufi 70, kwa hiyo viache kabisa. Na usifupishe maneno kama unavyomwandikia rafiki. Anayesoma hakujui, na hana muda wa kukisia.

Angalia jinsi ulivyopangwa. Anuani imetangulia, halafu mlango wa kijani, kwa sababu askari akifika kwenye ngazi saa nane za usiku atakuta milango minne inayofanana. Neno "ghorofa 3" nalo lina utata: wapo wanaoanza kuhesabu chini kabisa, wapo wanaoanza baada ya ngazi za kwanza. Ukipata nafasi kwenye ujumbe wa pili, andika "ngazi mara mbili kutoka chini". Kama hujui anuani, taja kinachoonekana toka barabarani: geti, rangi ya ukuta, jengo la jirani. Kisha kisu, maana silaha hubadilisha nani anatumwa na anaingiaje. Kisha bafuni na mtoto, ili anayeingia ajue watu wa kuokolewa wako upande gani na anayetafutwa yuko upande gani.

Sasa nije kwenye namba ya kurudishiwa, ambayo wengi huiruka wakidhani tunaiona. Tunaona namba iliyotuletea ujumbe, hiyo ni kweli. Lakini je, ndiyo ya kukufikia? Huenda umeazima simu ya mtoto. Huenda simu ina laini mbili na ujumbe umetoka kwenye ile usiyoitumia. Simu ya ofisini mara nyingi hutuonyesha namba ya mapokezi tu. Na zipo nchi ambako simu isiyo na laini huweza kupiga namba ya dharura, ila hakuna awezaye kuirudia. Katika hali kama hizo andika namba yako yote, tarakimu kwa tarakimu.

Halafu useme itumiweje, na hapa naomba mnisikilize vizuri sana. Kazi yetu imetufundisha kwamba simu ikikatika, tunapiga tena. Ni utaratibu mzuri, lakini kwa mtu aliyejificha mlio mmoja unamfichua. Niliwahi kukaa nimeshika simu, kidole juu ya kitufe cha kupiga, nisijue kama ninaokoa au ninaua. Maneno "Msipige, andikeni hapa" yangenitoa kwenye dhiki ile. Kama kuna jirani mwenye ufunguo wa geti, namba yake ni ya thamani. Andika "Jirani ana ufunguo, pigieni huyu", kisha namba.

Kabla hujatuma, zima mlio. Zima na mtetemo, kwa sababu simu ikitetemeka juu ya sakafu ya vigae inasikika chumba cha pili. Punguza mwanga wa skrini, zima sauti ya vitufe. Kitufe cha dharura cha baadhi ya simu hupiga king'ora kikihesabu kurudi nyuma kabla ya kupiga. Fungua mipangilio leo ukiwa salama, uone yako inafanyaje.

Maandishi hayapokelewi kila mahali. Marekani, ukiandika 911 eneo ambalo huduma hiyo haipo, mtandao unatakiwa kukujibu kwamba ujumbe haukufika. Uingereza lazima uwe umesajili simu yako kabla ndipo uandikie 999. Huko huko, ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na ukanyamaza, mashine itakutaka ubonyeze 55 ili upelekwe polisi. Lakini 55 haiwaambii polisi uko wapi, na wengi wanaamini inawaambia. Kwa hiyo uliza mapema namba ya kwenu inapokea nini.

Kama pa kwenu ni kupiga tu, piga na uache laini wazi. Ukiweza, gonga kioo au kohoa tunapouliza. Mpokeaji aliyefundishwa atakuuliza maswali ya ndiyo na hapana: "Gonga mara moja kama yupo chumba hicho hicho." Na kama anayekutisha yuko mbele yako na mnasemezana, yaweke mahali ndani ya maneno yako kwake: "Kwa nini umenifuata mpaka hapa nyumba namba 14?" Sisi tunasikiliza.

Dada mmoja hapa mbele ameuliza: akihama alipokuwa je? Tuambie, hata kwa maneno mawili, "niko uani". Gari limeelekezwa bafuni, na wanaoingia wanamwona kila mtu wasiyemtegemea kuwa ndiye mwenye kisu. Ukisikia wanagonga, usitoke mbio. Tazama simu kwanza, tutakuwa tumekuandikia kama ni wenyewe. Ukitoka, mikono iwe wazi. Kama simu bado umeishika, waambie ni simu.