Kwa nini saa inachelewa kuonyesha mapigo ya moyo

Leo tunapima jambo moja tu: saa yako ya mkononi iko nyuma ya moyo wako kwa kiasi gani.

Ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono na ukaze mkanda usicheze. Kaa kitini dakika tano. Sasa weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Mkiwa mmetulia hivi, wewe na saa mtakubaliana, au mtapishana kidogo sana. Kama mmepishana mno, kaza mkanda upya, usiendelee kwanza.

Haya, simama. Kimbia papo hapo kwa nguvu zako zote sekunde 20, halafu simama ghafla na utazame kioo. Umeona? Miguu imetulia, namba bado inapanda.

Sehemu ya ucheleweshaji huo ni ya moyo wenyewe, maana nao hauruki mara moja ukianza kukimbia. Inayobaki ni hesabu ya saa. Mwanga ulio chini yake husoma damu inavyopita, na mkono ukitikisika usomaji huvurugika: pigo hili linatoa 120, linalofuata 175. Ingekuonyesha hayo yote ungeitupa. Kwa hiyo inachukua sekunde kadhaa zilizopita na kukupa wastani wake.

Tuseme saa yako inatumia sekunde 10. Moyo unapanda mapigo mawili kila sekunde, kutoka 110 hadi 150 katika zile sekunde 20. Ukifika 150, wastani umebeba kila kitu tangu 130, basi kioo kinasema kama 140. Hayo ni mapigo ya sekunde tano zilizopita, yaani nusu ya zile sekunde 10 za wastani. Ukisimama na moyo ukaanza kushuka, ile 150 huenda usiione kabisa.

Rudia mbio zile zile, ila safari hii ukisimama tu hesabu shingoni sekunde 10, zidisha mara sita, na mtu mwingine akusomee kioo. Usiiamini sana namba yako pia: ukikosea pigo moja umekosea sita, na hesabu yako nayo ni wastani, tena moyo unashuka huku unahesabu.

Angalia mchoro wa mazoezi baadaye. Kilima kilekile kilichosogea mbele na kupungua kilele, huo ni wastani. Lakini mstari ukiganda ghafla kwenye 170 wakati unakimbia polepole, saa inahesabu hatua zako, si moyo. Hapo tatizo ni mkanda, au uhamie kifaa cha kifuani.

Kwa mbio za chini ya dakika moja, mimi situmii namba ya mapigo kujiongoza. Naweka muda na kasi, mapigo nayasoma nikishapumzika.