Mapokezi ya saa 24 kwa watu watatu: jinsi ninavyopanga zamu

Hamjambo watazamaji. Hapa niko nyuma ya kaunta ya mapokezi, hoteli ya vyumba 14, Mwembe Tayari, Mombasa. Kaunta hii haifungwi usiku. Mabasi ya Nairobi huanza kuingia kabla hakujapambazuka, na treni ya usiku nayo hushusha watu Miritini wakati huohuo. Mgeni aliyekaa garini usiku kucha hataki kugonga geti nusu saa. Wafanyakazi wa mapokezi ni watatu tu, na leo nawaonyesha jinsi tunavyoigawa wiki.

Chukua karatasi ya manila, chora siku 7, halafu tafuta vifuniko vya soda vya rangi tatu. Mimi nina chekundu cha mtu wa asubuhi, cha manjano cha wa jioni, cha kijani cha wa usiku. Vifuniko ni bora kuliko kalamu kwa sababu utavihamisha sana kabla mambo hayajakaa sawa.

Anza na zamu za kawaida. Mwekundu anaingia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Manjano anapokea saa tisa mpaka saa tano usiku. Kijani anakesha mpaka saa moja asubuhi. Watu watatu kwa saa 8, siku imejaa. Wengi huishia hapo, halafu mwezi wa pili wanashangaa mtu anasinzia kaunta. Jedwali hilo halina ofu hata moja, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7.

Kwa hiyo tunatia ofu tatu, moja kwa kila mtu, na siku hiyo wawili waliobaki wanafanya saa 12 kila mmoja. Ofu zenyewe usiziweke popote. Mwanzoni nilizitupatupa tu, na kuna siku manjano alishika zamu yake na ya kijani kwa mkupuo, saa 16. Saa kumi alfajiri alimpa mgeni ufunguo wa chumba chenye mtu amelala ndani. Kelele zile nazikumbuka mpaka leo.

Sasa sogeza kamera karibu na karatasi.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano usiguse kitu, zamu ni za saa 8. Alhamisi ondoa kifuniko cha kijani, yeye ana ofu. Mwekundu anakaa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, manjano anaingia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi ya Ijumaa. Manjano amekesha, kwa hiyo ofu yake inafuata palepale, Ijumaa hiyohiyo. Analala kidogo, anaoga, anawahi msikitini. Mchana wa Ijumaa yuko mwekundu tena, kwa saa 12, na jioni saa moja kijani anarudi. Hesabu kijani amepumzika kiasi gani: alitoka Alhamisi saa moja asubuhi, amerudi Ijumaa saa moja jioni. Saa 36, na swala ya Ijumaa hakuikosa.

Jumamosi mnarudi kwenye saa 8, ila kijani akiingia saa tano usiku haondoki saa moja asubuhi. Jumapili ni ofu ya mwekundu, naye ni mtu wa kanisani. Zamu yake tunaipasua katikati: kijani anaongeza saa 4 mpaka saa tano asubuhi, manjano anawahi kwa saa 4, anaingia saa tano asubuhi na kutoka saa tano usiku. Kijani amekwenda kupumzika kwa muda wa saa 12, anarudi saa tano usiku.

Jumlisha. Kila kifuniko kina zamu 4 za saa 8 na zamu 2 za saa 12, jumla saa 56. Na hakuna anayerudi kazini kabla ya kupumzika saa 12. Ukihamisha ofu, hakikisha hilo kwanza. Mfano, ukimpa mwekundu ofu Jumamosi badala ya Jumapili, kijani aliyeingia Ijumaa saa moja jioni atalazimika kukaa mpaka Jumamosi saa tano asubuhi. Hizo ni saa 16 tena, na mnajua zilinipeleka wapi.

Amri ya jumla ya mishahara Kenya inaweka saa 52 kwa wiki, na 60 kwa mfanyakazi wa usiku. Kwa hiyo mwekundu na manjano wana saa 4 za ovataimu kila wiki, zinazolipwa mara moja na nusu. Kijani namlipa vilevile, maana sioni haki anayekesha apate pungufu. Kama hoteli yenu ina mkataba na chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA, soma huo kwanza.

Kabla ya kubandika, angalia maneno. Huku pwani mtu akisema "usiku wa Ijumaa", mwingine anaelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, mwingine usiku baada ya Ijumaa kutwa. Wiki ya kwanza kijani alikuja Alhamisi kwenye ofu yake akamkuta manjano ameshakaa. Afadhali walikuwa wawili, wangeweza kukosekana wote. Sasa tunaandika "Alhamisi saa moja jioni mpaka Ijumaa saa moja asubuhi", hata kama kisanduku kinabanana.

Makabidhiano ni dakika 15, wote wawili wakiwa kaunta. Wanahesabu keshi pamoja, wanahesabu funguo, halafu wanafungua daftari. Mstari wa mgeni aliyefika alfajiri unasomeka hivi: chumba 9, ameingia saa kumi na nusu alfajiri, amelipa usiku mmoja kwa M-Pesa, na namba ya muamala yote, si tarakimu tatu za mwisho. Bila namba hiyo, mtu wa asubuhi atamdai mgeni mara ya pili, na mgeni ataanza kutafuta ujumbe kwenye simu mbele ya foleni. Asiyetia sahihi hajapokea, na anayetoka haondoki mpaka apokewe. Manjano akitoka saa tano usiku, hoteli inalipa tuktuk ya kumfikisha nyumbani.

Chooni, chakula na swala: askari wa getini anasimama kaunta dakika 15. Anakaribisha, anamketisha mgeni, anajibu simu. Pesa na funguo hagusi, droo imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mwenye zamu. Ramadhani manjano anafuturu kwa mpango huohuo.

Jedwali hili halistahimili mtu wa tatu akiugua au akienda likizo. Wawili wakibaki ni saa 84 kila mmoja, hapo usijaribu. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka kwa kila mtu, kwa watatu ni 63, yaani zaidi ya wiki 10. Mimi nimemfundisha mhudumu mmoja wa mkahawa. Kila mwezi anakaa kaunta zamu mbili pamoja na mwekundu ili mkono usisahau, na likizo ikifika anachukua kifuniko cha aliyeondoka, na ofu yake ileile. Mkahawani wakati huo tunaita kibarua, kwani kubeba sahani kunafundishika kwa asubuhi moja.