Slabu ya mita 9 kwa 6.4 yataka shiti ngapi za BRC?

Hamjambo ndugu zangu. Leo niko Kisauni, kwenye slabu ya chini ya nyumba ndogo. Mbao za pembeni zishapigwa, nailoni ishatandazwa, na mwenye nyumba anangoja nimwambie anunue shiti ngapi za BRC, ule wavu wa chuma unaolazwa ndani ya zege. Pima pamoja nami.

Pima ndani ya mbao, si nje. Hapa urefu ni mita 9.0, upana mita 6.4. Waya haufiki kwenye mbao. Kila upande naacha sentimita 5, ndiyo nafasi ya zege kuufunika waya. Kwetu pwani upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ikiufikia waya, kutu huvimba na kulipasua zege la ukingo. Ukiona ufa mwembamba unaofuata ukingo wa slabu, pamoja na doa la rangi ya kahawia, waya ulikuwa karibu mno na nje. Kwa hiyo toa sentimita 10 kwa urefu na 10 kwa upana. Zabaki 8.9 kwa 6.3.

Shiti tunayotumia ni A142: waya wa milimita 6, matundu ya sentimita 20, urefu mita 4.8, upana mita 2.4. Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikosea hivyohivyo kwenye kazi ya kwanza niliyopewa. Huchukua eneo, mita za mraba 56, wakagawa kwa 11.52 za shiti moja, wakapata 4.86, wakaagiza tano. Siku ya kumwaga, pembe moja imebaki wazi na mchanganyiko ushaanza. Hesabu ya eneo haijui kwamba shiti hulaliana.

Pale shiti moja inapolalia nyingine mafundi twapaita lapu. Mhandisi akiandika kipimo chake kwenye mchoro, fuata chake. Mchoro wetu wasema sentimita 30, yaani tundu moja na nusu. Tazama hapa: ncha ya waya imetokeza sentimita 10 kupita waya wa mwisho wa kukingama. Ukilaza sentimita 20 tu, nyaya mbili za mwisho zinakutana mstari mmoja. Ukilaza 30, zapishana kwa sentimita 10. Hivyo waweza kuikagua lapu kwa macho bila kushika tepu.

Basi shiti ya kwanza yakupa 4.8, kila inayofuata yakuongezea 4.5 tu. Shiti mbili ni 9.3, na twahitaji 8.9. Zatosha. Kwa upana, ya kwanza 2.4, zinazofuata 2.1 kila moja. Mbili ni 4.5, tatu ni 6.6, na twahitaji 6.3. Safu tatu za shiti mbili: sita.

Kabla hujaridhika, zigeuze shiti akilini. Tukizilaza kwa kukingama, urefu wa 8.9 unafunikwa kwa mita 2.4 za upana: shiti nne zafika 8.7, hazitoshi, basi ni tano. Upana wa 6.3 wataka mbili. Jumla ni kumi. Slabu ileile, shiti zilezile, tofauti ni nne. Ndiyo maana mimi huchora kila mara, pande zote mbili.

Ile ziada usiikate, iongeze kwenye lapu.

Sasa safu ya katikati. Tukizipanga zote sawasawa, pembe nne za shiti zinakutana mahali pamoja, nyaya zinapandana tabaka juu ya tabaka hadi karibu sentimita 5. Slabu ya unene wa sentimita 10 haiwezi kuzifunika vizuri. Kwa hiyo chukua shiti moja ya safu hiyo, ikate katikati, kwenye mita 2.4. Pale pako kati ya nyaya mbili, kila nusu inabaki na ncha zake za sentimita 10. Weka nusu, kisha nzima, kisha nusu: mita 9.6, toa lapu mbili, ni 9.0. Yatosha 8.9, na bado ni shiti sita.

Na kama slabu ingekuwa mita 9.5? Wahitaji 9.4, safu za nje zafika 9.3, ya katikati 9.0. Hapo fundi hushawishika kuiba kwenye lapu. Usiibe. Wala usinunue shiti tatu, moja kwa kila safu. Nunua moja ya saba, ikate kwa urefu vipande vitatu vya sentimita 80, na viwili vilaze kwenye ukingo huo kufuata upana wa slabu. Vinazilalia safu zote zaidi ya sentimita 30, na kimoja chabaki akiba.