Samli Imeiva Lini?

(Mhadhara uliotolewa kwa wapishi wa nyumbani, Ilala, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum, na habari za alasiri, mama zangu na ndugu zangu. Wengi wenu samli mnaipika tayari, kwa hiyo sitaanza na kusuka maziwa kwenye kibuyu. Nataka tulishike jambo moja: sufuria ikiwa jikoni, unajuaje kwamba samli imeiva na ni wakati wa kuipua? Mtu akinilalamikia kwamba samli yake imechacha mapema, kabla sijauliza ameiweka wapi, huwa namwuliza aliipua ikiwa katika hali gani.

Sufuria hii mbele yangu ina siagi nusu kilo, isiyo na chumvi, na jiko ni la gesi, moto mdogo. Niseme siagi ya maziwa hasa. Hapa Dar tumezoea kuita siagi hata ile majarini ya kupaka mkate, na ile imetengenezwa kwa mafuta ya mimea. Ukiichemsha mpaka kesho hupati samli. Soma maandishi kwenye pakiti kabla hujalipa.

Katika siagi kuna mafuta kama asilimia 80, maji kama asilimia 16, na kilichobaki kidogo ni protini, sukari ya maziwa na madini. Kwa hiyo katika nusu kilo hii kuna gramu 400 hivi za mafuta na gramu 80 hivi za maji. Kazi yetu ni kuyatoa hayo maji yote, halafu kuiacha ile protini na sukari igeuke rangi kidogo, kwa sababu harufu ya samli inatoka hapo. Maji yakibaki, vijidudu vinapata pa kuishi.

Sasa nyamazeni kidogo, msikilize. Mnasikia inavyotatarika? Huo ni mvuke unaopasua njia kutoka chini. Siagi imeyeyuka, juu kuna povu jeupe zito, na mapovu yanayopanda ni makubwa. Wakati huu hamna hatari ya kuunguza, na sababu ni hayo maji yenyewe. Maadamu yapo, joto la sufuria linazunguka kwenye nyuzi 100 na kidogo, halipandi sana. Mnaweza kukatakata vitunguu huku mkiisikiliza. Ila msifunike, kwa sababu mvuke utagonga mfuniko na kurudi chini ukiwa maji.

Wengine hulichota hili povu na kulitupa. Mimi huliacha. Sehemu kubwa yake itazama yenyewe, na ikifika chini itaongeza harufu. Ninachofanya ni kulisogeza kando kwa kijiko ili nione ndani.

Imepita kama robo saa. Sikilizeni tena. Sauti imepungua, si kweli? Mapovu yamekuwa madogo, na nikisogeza povu naona mafuta yameanza kung'aa, siyo yale ya ukungu ya mwanzo. Chini kuna chembe nyeupe zimetulia. Hapa ndipo wengi wanazima jiko, kwa sababu kwa macho inafanana na samli. Bado. Chembe zikiwa nyeupe namna hii, maji hayajaisha. Ukiichuja sasa itapendeza kwenye chupa, lakini ukiiacha siku chache utaona chini kuna tabaka la maji yenye ukungu, na ukikaangia chapati itakurukia.

Kuanzia sasa siondoki jikoni, hata simu ikiita. Maji yakiisha, hakuna tena cha kulizuia joto, linapanda haraka kuelekea nyuzi 120, na zile chembe zinaanza kukaangika. Tazameni: limekuja povu la pili, jembamba, laini. Sufuria iko kimya. Harufu ya maziwa yaliyochemka imeondoka, na imekuja ile nyingine mnayoijua. Ninainamisha sufuria kidogo, nakwangua chini kwa kijiko: mashapo yana rangi ya karanga zilizokaangwa. Nazima, na naondoa sufuria jikoni kabisa, kwa sababu chuma bado kina moto na mashapo yataendelea kugeuka kwa dakika kadhaa. Ukingoja mpaka yawe kahawia ya kukoza, mwisho wake yatakuwa meusi. Ndiyo maana napenda sufuria ya alumini iliyosuguliwa vizuri. Katika sufuria nyeusi huwezi kuiona rangi hii.

Anayepikia mkaa ana kazi zaidi, kwa kuwa mkaa hauzimwi kwa kitufe. Sauti ikianza kupungua, toa nusu ya makaa, mengine yafunike kwa majivu, kisha umalizie na joto lililobaki.

Kama una mzani, kuna njia nzuri ya kujithibitishia. Pima sufuria ikiwa tupu juu ya kibao kikavu, na uipime tena mwishoni pamoja na samli, juu ya kibao kilekile. Siagi ya nusu kilo ikiisha maji, ndani hubaki gramu 420 hivi. Ukikuta 450, rudisha jikoni. Ukishachuja unabaki na gramu 390 hivi, yaani chupa ya nusu lita haijai.

Chuja kwa kitambaa safi cha melimeli, samli ikiwa imepoa kidogo lakini bado inamiminika, na chupa iwe imekauka kabisa. Acha ipoe bila kufunikwa na mfuniko, tandika kitambaa tu juu yake. Ukifunga ikiwa ya moto, matone yatajikusanya chini ya mfuniko na kudondokea ndani, na maji uliyoyatoa kwa nusu saa utakuwa umeyarudisha.

Kuna mama ameuliza kuhusu siagi yenye chumvi. Inawezekana, lakini chumvi haiyeyuki katika mafuta. Inazama pamoja na mashapo, povu linakuwa jingi, na rangi ya chini inakuwa ngumu kusoma. Samli yenyewe inatoka karibu haina chumvi. Kwa anayejifunza, siishauri.

Kijana pale nyuma anauliza, ikiharibika inatengenezeka? Inategemea imeharibika upande gani. Ukiiona ina tabaka la maji chini au inaruka kikaangoni, na harufu bado ni nzuri, irudishe kwenye moto mdogo mpaka inyamaze, uichuje upya. Ikiwa imeshachacha, au imeota kuvu, itupe. Na ikiwa imeungua ikawa chungu, kuchuja hakuondoi uchungu, kwa sababu umeshaingia kwenye mafuta.

Na dada aliyesema samli yake imegawanyika, juu mafuta na chini punjepunje: hiyo ni nzima. Kwa joto letu la Dar, samli haigandi sawasawa. Mafuta mazito hushikana yakawa punje, mepesi hubaki maji maji. Usiichanganye na tabaka la maji nililolisema. Punje ukizisugua kati ya vidole zinayeyuka na kuacha mafuta matupu, lakini lile tabaka la chini linateleza kama maziwa na lina harufu ya ugwadu. Chota kwa kijiko kikavu kila mara, hasa wakati wa masika, na kabatini itakukalia miezi bila friji.