Nenosiri kuu likisahaulika: mlango upi bado uko wazi

Habari za jioni. Mada yetu ni fupi kuitaja: umesahau nenosiri moja linalofungua kidhibiti cha manenosiri, na ndani yake kuna mengine mia mbili. Unaokoa nini, na nini hakiokoleki?

Nianze na kosa, kwa sababu kosa hili hutangulia kila kitu. Mtu akikataliwa mara tatu nne, huingiwa na wasiwasi. Anaifuta programu na kuisakinisha upya, au anabonyeza Log out kwenye simu akitumaini kwamba kuanza upya kutasaidia. Kwa programu nyingine ushauri huo huwa mzuri. Kwa hii, huenda amefunga mlango wa mwisho uliokuwa umebaki.

Hebu tutofautishe Lock na Log out. Ukibonyeza Lock, data yako iliyosimbwa inabaki ndani ya kifaa, na kama uliwasha alama ya kidole au PIN, kinabaki pia kile kinachoweza kuufungua ufunguo wa data hiyo bila nenosiri kuu. Ukibonyeza Log out, vyote hivyo hufutwa kwenye kifaa hicho, na ukirudi programu itataka nenosiri lenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kukisia chochote, kusanya vifaa vyote ulivyowahi kuvitumia: simu ya zamani iliyo kabatini, tableti, kiendelezi cha kivinjari kwenye kompyuta ya kazini. Kimoja tu kikifunguka kwa kidole, hali yako si mbaya kama ulivyodhani.

Watu huuliza: kwa nini nisiiandikie kampuni tu initumie kiungo cha kubadilisha, kama zifanyavyo huduma za barua pepe? Tutazame kidhibiti kiitwacho Bitwarden, kwa kuwa utaratibu wake uko wazi. Nenosiri lako kuu huchanganywa na anwani yako ya barua pepe, kisha hupitishwa kwenye hesabu iitwayo PBKDF2, na kwa mpangilio wa kawaida wa sasa hesabu hiyo hurudiwa mara 600,000. Zao lake ndilo linaloufungua ufunguo unaosimba kasha, yaani hifadhi ya manenosiri yako yote. Hesabu hii yote hufanyika kwenye kifaa chako. Seva hupokea hashi ya kukutambua tu, pamoja na kasha likiwa limefungwa tayari. Mfanyakazi wa kampuni anaweza kuthibitisha kabisa kwamba wewe ndiwe mwenye akaunti, akuamini kwa moyo wote, na bado asiwe na kitu cha kukufungulia. Hapa kukutambua ni jambo moja na kukufungulia ni jingine.

Ndiyo maana kurasa za Bitwarden ambazo anwani zake huanza na neno `recover` huwachanganya wengi. `recover-delete` hufuta akaunti pamoja na kasha lake, haurudishi chochote. `recover-2fa` hutumia ile kodi, yaani msimbo mrefu, uliyoambiwa uichapishe, lakini kazi yake ni kuzima hatua ya pili ya kuingia, na ukurasa wenyewe bado utakuuliza nenosiri kuu. Mtu aliyeitunza kodi hiyo miaka mitatu akidhani ni akiba ya nenosiri hugundua ukweli siku mbaya kabisa.

Milango halisi ya pembeni ni michache, na yote ilibidi iandaliwe mapema. Kuna kidokezo ulichojiandikia, ambacho hutumwa kwa barua pepe. Kuna Emergency Access, yaani mtu uliyemteua akiwa na ruhusa ya Takeover: anaomba, muda wa kusubiri uliouweka mwenyewe unapita, kati ya siku 1 na 90, kisha anaweza kukuwekea nenosiri kuu jipya. Hilo linawezekana kwa sababu siku ulipomteua, ufunguo wako ulisimbwa kwa ufunguo wake wa hadharani na nakala ikahifadhiwa. Msimamizi wa akaunti ya kampuni unayofanyia kazi anaweza kuwa na uwezo kama huo, kama uliwashwa na wewe ukasajiliwa humo.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho ningependa tukichambue taratibu: faili la kidhibiti kiitwacho KeePassXC, lenye mkia wa `.kdbx`, lililo kwenye kompyuta yako. Hapa hakuna kampuni wala kidokezo. Lipo faili, na wewe.

Swali la kwanza: je, faili hilo limefunguka mahali popote sasa hivi? Kama limefunguka, usilifunge na usizime mashine. Nenda kwenye menyu ya Database, chagua Database Security, uweke nenosiri jipya. Kwa miaka mingi KeePassXC haikuuliza nenosiri la zamani katika hatua hii. Mwaka 2023 jambo hilo lilisajiliwa kama udhaifu, CVE-2023-35866, na waundaji wakapinga wakisema kwamba anayeweza kuketi mbele ya kasha lililofunguliwa tayari ana kila kitu. Mimi naona hoja yao ina uzito, na aliyesahau nenosiri ataiona nzuri zaidi. Toleo lako likikuuliza la zamani, fungua kila rekodi na uinakili kwa mkono. Inachosha, lakini rekodi mia mbili ni kazi ya siku moja.

Swali la pili: uliwahi kubadilisha nenosiri kuu? Nakala rudufu ya faili iliyofanywa kabla ya mabadiliko hufunguliwa kwa nenosiri la zamani, lile unalolikumbuka vizuri. Tafuta kwenye diski za nje na kwenye historia ya matoleo ya hifadhi ya mtandaoni. Utapoteza ulichoongeza baadaye tu.

Swali la tatu huepusha masaa mengi ya bure: je, kweli umelisahau nenosiri? KeePassXC ikikataa, husema `Invalid credentials were provided`, na mwishoni `HMAC mismatch`. Ujumbe huo ni uleule nenosiri likiwa na kosa na pia likiwa sahihi lakini hukuchagua faili la ufunguo, yaani lile faili la ziada uliloliweka litakiwe pamoja na nenosiri. Haiwezi kutofautisha, kwa sababu vyote viwili huunganishwa kuwa ufunguo mmoja kabla ya kujaribiwa. Ukiona badala yake `Header SHA256 mismatch`, hapo shida ni faili lililoharibika, na ukisie hata mwaka mzima hutafika popote; tafuta nakala nyingine. Kagua pia mpangilio wa kibodi, na simu inayogeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa bila kuulizwa.

Tuseme yote hayo yameshindikana. Nenosiri lilikuwa maneno matano yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776. Unakumbuka manne na nafasi zake; la tatu limepotea kabisa. Fanya kazi kwenye nakala ya faili, si faili lenyewe. Kwanza, kwenye terminali ya Bash, tunatengeneza makisio, tukiwa na orodha yenye neno moja kila mstari:

```
while IFS= read -r neno; do
  echo "kikombe mvua $neno ngazi punda"
done < orodha.txt > makisio.txt
```

Kama orodha yako ina namba za dadu mbele ya maneno, ziondoe kwanza, la sivyo zitaingia kwenye makisio. Kisha tunayajaribu moja moja kwa `keepassxc-cli`, KeePassXC inayoendeshwa kwa amri:

```
while IFS= read -r p; do
  if printf '%s\n' "$p" |
    keepassxc-cli ls -q nakala.kdbx >/dev/null 2>&1
  then echo "Ndilo: $p"; break; fi
done < makisio.txt
```

Kama kuna faili la ufunguo, ongeza `-k` na jina lake baada ya `ls -q`. Na kabla ya kuuachia mzunguko huu, ujaribu kwa faili dogo la majaribio ambalo nenosiri lake unalijua. Kosa dogo kwenye jina la faili litafanya makisio yote yakataliwe kimya kimya, hata lile sahihi, nawe ukadhani umeshindwa.

Itachukua muda gani? Faili likiwa limewekwa lichukue sekunde moja kufunguka, makisio 7,776 ni kama saa 2 na dakika 10 kwa ukomo. Hujui neno lililopotea lilikuwa nafasi ya ngapi? Zidisha kwa tano, karibu saa 11. Iache usiku kucha. Lakini yakipotea maneno mawili, hata kama nafasi zake unazijua, ni 7,776 mara 7,776, yaani sekunde zaidi ya milioni 60, karibu siku 700. Yakipotea matatu, takriban miaka 14,900. Mashine kadhaa zitapunguza siku 700 kuwa kitu cha kuvumilika. Miaka 14,900 haitapungua kiasi hicho, kwa kuwa Argon2, hesabu inayotumika kwa kawaida kwenye mafaili ya KDBX 4, hudai pia kumbukumbu nyingi kwa kila kisio, makusudi ili kadi za michoro zisipate nafuu kubwa.

Kwa hiyo mpaka upo hapo, na unaweza kuupima kabla ya kumlipa mtu yeyote. Anayekuahidi kufungua kasha ambalo hukumbuki chochote chake anakudanganya. Akikutaka umtumie faili pamoja na vipande unavyovikumbuka, umempa kazi ya saa mbili na manenosiri yako yote.

Ukilipata, futa `makisio.txt`, kwani jibu limo humo.

Kuna swali hapa mbele: na kama halikupatikana? Basi gawanya vilivyokuwemo mafungu mawili. Manenosiri ya tovuti hayajapotea kwa maana ya kweli. Kila huduma itakupa jipya kupitia barua pepe. Kwa hiyo anza na akaunti ya barua pepe, na kabla hujagusa kitu angalia kama bado iko wazi kwenye simu au kivinjari, kisha benki, kisha mengine kadiri utakavyoyahitaji. Fungu la pili ni vitu ambavyo havikuwa na nakala kwingine: noti zako, maneno ya kurejesha pochi ya sarafu za kidijitali, siri za kutengeneza kodi za tarakimu sita, na funguo za siri za kuingilia bila nenosiri. Kodi za tarakimu sita na funguo za kuingilia huduma yenyewe inaweza kuziondoa baada ya kukutambua, kwa taratibu zake. Maneno ya pochi hayana wa kuyarejesha.

Faili lililofungwa usilifute. Halina muda wa kuisha, na neno la tatu huweza kurudi kichwani miezi sita baadaye.