Kupima matangazo ya dagaa: wazo jipya kando, marekebisho kando

Karibu. Leo tunapanga namna ya kupima matangazo ya Facebook na Instagram yanayomleta mteja WhatsApp. Mfano wetu ni muuzaji wa dagaa wakavu wa nusu kilo, anayenunua kwenye soko la Mwaloni Kirumba na kusambaza Mwanza mjini, kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Tarakimu utakazoziona ni za mfano, lakini hesabu zake ndizo utakazozifanya kwenye matangazo yako.

Kabla ya kufungua Ads Manager, chukua daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika mawazo, na wa kulia andika matoleo. Wazo ni sababu ya mtu kununua. "Dagaa hawa wameanikwa juu ya chanja, hawana mchanga" ni wazo. "Dagaa wa kusaga kwa uji wa mtoto" ni wazo lingine, kwa sababu linamgusa mtu mwingine na shida nyingine. Toleo ni namna ya kulisema wazo lilelile: sauti ya mama au ya kijana, picha ya mwanzo, maneno ya juu ya video. Ukiwa na mashaka, jiulize hivi: nikibadilisha kitu hiki, sababu ya kununua imebadilika? Kama haijabadilika, hilo ni toleo, liandike kulia.

Tunaanza na kushoto, yaani mawazo.

Fungua kampeni moja na uweke seti mbili za matangazo, wazo la chanja kwenye seti ya kwanza na wazo la uji kwenye seti ya pili. Bajeti iweke kwenye kila seti, usiiweke kwenye kampeni. Ukiiweka juu, mfumo utaanza kuhamisha pesa kwenda kwa anayeonekana kufanya vizuri siku ya kwanza au ya pili, na yule mwingine hatapata nafasi ya kupimwa. Hapa kila seti inapata TSh 10,000 kwa siku, kwa siku 7. Jumla ni TSh 140,000. Chagua A/B test ili mtu aliyeona wazo moja asionyeshwe la pili.

Ndani ya kila seti weka video mbili za wazo hilohilo. Usiweke moja. Video moja ikiwa na mwanga hafifu au sauti inayokwaruza, utalizika wazo zuri kwa kosa la kamera. Mfumo utaipendelea moja kati ya hizo mbili, na hapa haidhuru, kwa sababu tunasoma jumla ya seti nzima.

Vingine vyote vifanane: bei, eneo, umri, urefu wa sekunde 20, ofa ya usafiri. Na seti zote ziende siku zilezile. Kwa dagaa jambo hili ni zito kuliko watu wanavyodhani. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hupungua na bei hupanda. Ukipima wazo la kwanza wiki ya giza na la pili wiki ya mwezi mpevu, umepima mwezi. Mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, ni vilevile.

Majina ya matangazo yaandike kwa mpangilio mmoja, ili baada ya miezi mitatu ujue ulipima nini:

```
W01_CHANJA_T1_MSINGI
W01_CHANJA_T2_MWANZO-BESENI
W02_UJI_T1_MSINGI
```

W ni wazo, T ni toleo. Halafu kwenye ujumbe ambao mteja anaukuta umeshaandikwa WhatsApp, weka alama mwishoni: "Habari, naomba bei ya dagaa. C1". C1 ni chanja, toleo la kwanza. Alama hiyo ndiyo itakayokuonyesha oda imetoka kwenye tangazo gani.

Sasa acha. Usiguse maneno, picha wala bajeti kwa siku 7. Ukibadilisha kitu cha maana katikati, neno Learning linarudi kwenye safu ya Delivery, na siku ulizolipia kabla ya hapo hazilingani tena na zinazofuata.

Siku ya 8 tunasoma. Chanja imeleta mazungumzo 62, uji 38. Je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati? Jumlisha: 62 na 38 ni 100. Tafuta kipeuo cha pili cha 100, ni 10. Zidisha mara mbili, unapata 20. Tofauti yetu ni 24, imevuka 20, kwa hiyo tunaikubali. Hesabu hii inafaa tu kama seti zote zimetumia pesa sawa, hivyo angalia kwanza safu ya matumizi.

Usiishie kwenye mazungumzo. Rudi WhatsApp uhesabu oda kwa zile alama. Mazungumzo 62 ya chanja yametoa oda 19, na 38 ya uji yametoa oda 12. Kila upande, karibu watu 3 katika 10 wamenunua. Chanja imeshinda kwenye maswali, na uwiano wa wanunuzi wake ni karibu sawa na wa uji. Kama 62 wangetoa oda 7 tu, tungejua video inaamsha udadisi bila kuuza, na ushindi huo tungeukataa.

Wazo limepatikana, sasa tunahamia kulia, kwenye matoleo. Fungua kampeni nyingine, usiongeze matoleo kwenye ile ya kwanza. Hata toleo la msingi lichapishe upya, ili lisianze likiwa na pendo na maoni ambayo mwenzake hana. Safari hii kila toleo linakaa kwenye seti yake peke yake.

Tunabadilisha sekunde 3 za mwanzo tu. Toleo la msingi linaanza na mama akisalimia. Toleo la pili linaanza na mkono ukimwaga dagaa kwenye beseni jeupe la maji. Mkono unakoroga, unawatoa dagaa, na kamera inashuka hadi chini ya beseni: maji yametulia, hakuna punje ya mchanga. Kuanzia sekunde ya 4 video ni moja, hata muziki. Ukibadilisha na maneno ya juu wakati huohuo, beseni likishinda hutajua kama ni beseni au ni maneno.

Bajeti ni ileile. Baada ya siku 7: mama 44, beseni 53. Jumla 97, kipeuo chake cha pili kinakaribia 10, mara mbili ni 20. Tofauti ni 9 tu, kwa hiyo hakuna mshindi. Watu wengi hapa wanatangaza beseni limeshinda, wanajenga juu yake, na mwezi unaofuata matokeo yanawageuka.

Tazama gharama ya kujua. Kama uwiano huo wa 44 kwa 53 ni wa kweli, ungehitaji mazungumzo kama 460 ndipo tofauti ivuke kipimo. Kila zungumzo hapa limegharimu karibu TSh 1,440, hivyo jibu la swali dogo la sekunde 3 linazidi TSh 650,000. Swali kubwa la chanja au uji lilijibiwa kwa 140,000. Mwenye bajeti ya muuzaji huyu abaki na toleo lolote kati ya hayo mawili, aandike "halijaamuliwa" kwenye daftari, na wiki inayofuata apeleke pesa upande wa kushoto, kwenye wazo la tatu.