Kubana kikomo cha vigeu viwili

BARAKA: Karibuni. Leo tuna sehemu moja tu mezani: x²y/(x²+y²). Tunatafuta kikomo chake x na y zinapoisogelea sifuri kwa pamoja. Dada Salma, ukiweka sifuri moja kwa moja unapata 0/0.

SALMA: Na 0/0 haikuambii lolote. Ndiyo maana wanafunzi hukimbilia kujaribu njia. Kwenye mstari y = x wanapata x/2, inakwenda sifuri. Kwenye y = 3x wanapata 3x/10, sifuri tena. Wanaandika sifuri na kufunga daftari. Jibu ni sahihi, lakini hawajathibitisha kitu.

BARAKA: Maana njia za kufika pale hazihesabiki.

SALMA: Tena nyingine zimepinda. Chukua x²y/(x⁴+y²). Kila mstari ulionyooka unakupa sifuri, lakini ukipita y = x² unapata x⁴/(2x⁴), yaani nusu, hata usogee karibu namna gani. Kikomo hakipo.

BARAKA: Basi tuibane ile ya kwetu.

SALMA: Itoe y pembeni, ibaki x²/(x²+y²). Juu kuna x². Chini kuna x² ileile, imeongezewa y² ambayo haiwi hasi kamwe. Kwa hiyo asili haiwezi kuwa ndogo kuliko kiasi, na kipande chote kiko kati ya 0 na 1, mradi hatupo kwenye (0,0) yenyewe. Sasa |y| ikizidishwa kwa kitu kisichozidi 1 haiongezeki:

0 ≤ |x²y/(x²+y²)| ≤ |y|

Kushoto ni sifuri, kulia |y| inakwenda sifuri. Ya katikati imebanwa, haina pa kutokea.

BARAKA: Wengine huacha vile vijiti viwili vya thamani kamili, wanaandika kwamba sehemu iko kati ya 0 na y.

SALMA: Hapo wanaharibu. Weka x = 0.1 na y = −0.1. Juu ni −0.001, chini 0.02, jibu −0.05. Hiyo ni ndogo kuliko 0 na ni kubwa kuliko −0.1, kwa hiyo pande zote mbili za walichoandika ni uongo. Ukizidisha kwa namba hasi, alama ya ≤ inageuka. Ukiviweka vijiti unasoma 0.05 ≤ 0.1, na mambo yanakaa sawa.

BARAKA: Na mtahini akidai epsiloni na delta?

SALMA: |y| haizidi √(x²+y²), ambao ndio umbali wako kutoka (0,0). Chagua δ = ε, umemaliza.

BARAKA: Kwa nini ubanaji huu unakwama kwenye ile ya x⁴?

SALMA: Kwa sababu kipande x²/(x⁴+y²) hakina dari. Pita y = x²: x ikiwa 0.1, kipande ni 50 na y ni 0.01. x ikiwa 0.01, kipande ni 5000 na y ni 0.0001. Zidisha, mara zote mbili unapata 0.5.